Karatasi juu yasema faida 58,500, chini yasema 13,500: ipi ndio yangu?

*Assalam aleikum. Nina duka la rejareja Bombolulu hapa Mombasa, mwaka wa nne sasa. Mpwa wangu amesomea uhasibu, na mwezi uliopita ndio mara ya kwanza akanitengezea hesabu za duka kwenye karatasi. Mauzo 390,000. Chini yake kaandika faida ghafi 58,500, halafu mwisho kabisa faida halisi 13,500. Mie naweka ishirini juu ya kila mia ninayonunua, sasa hata hiyo 58,500 naona ni ndogo, na hiyo 13,500 ndio sielewi kabisa. Na kwenye sanduku na tili mwezi ulianza na 31,000 ukaisha na 6,500. Hiyo 13,500 iko wapi basi? Shemeji yangu aniambia faida ni 58,500, hayo mengine ni maneno ya wasomi, na anataka nichukue mkopo mwingine wa 150,000 tuongeze mzigo. Nahofia mpwa wangu kakosea, au kuna mtu ananiibia. Nisaidie, picha ya karatasi nimeituma. — Mama wa duka*

Waaleikum salaam dada yangu. Nimeikalia hiyo picha usiku kucha na kalkuleta, na kitu cha kwanza nataka nikutoe wasiwasi, mpwa wako hakukosea na sioni dalili ya mwizi. Hesabu zake zimekaa sawa, ila kuna kitu kimoja hakukijua kwa sababu hukumwambia, nitakifikia. Na huo mkopo, tafadhali usitie saini popote kabla hujamaliza kusoma hapa.

Hizo faida mbili zinajibu maswali mawili tofauti. Faida ghafi inauliza hivi: bidhaa zilizotoka mwezi huu ziliniletea ngapi, na zenyewe nilizinunua ngapi? Basi, haijui kama una kodi ya fremu, haijui stima, haimjui kijana wa duka. Faida halisi ndio inauliza, baada ya duka kujilipia kila kitu chake, limebaki na nini. Shemeji yako anaangalia ya kwanza akidhani ni ya pili, na hapo ndio wenye maduka wengi wanapoteza mtaji huku wanauza vizuri tu.

Tuanze na ya juu. Mpwa wako kachukua stoku ya mwanzo wa mwezi 240,000, akajumlisha mzigo ulioingia 348,000 pamoja na nauli za tuktuk kutoka Kongowea (na hapo kafanya vyema, nauli ya kuleta mzigo ni sehemu ya bei ya mzigo), halafu akatoa stoku iliyobaki mwisho wa mwezi 256,500. Inabaki 331,500, hiyo ndio gharama ya bidhaa zilizotoka. Toa kwenye mauzo 390,000 unapata 58,500. Angalia vizuri hapo, hakuna mahali aliandika kila pakiti iliuzwa na faida gani, faida imetokea yenyewe kwenye kuhesabu stoku, maana yake ukikosea stoku umekosea faida kwa kiasi kilekile. Umeniambia mlihesabu kwa bei za kununulia, alhamdulillahi. Kuna wengi wanahesabu rafu kwa bei ya kuuzia kwa sababu ndio bei iko kichwani, na wewe ungefanya hivo, ile 256,500 ingekuja kama 307,800, na faida ghafi ingeruka mpaka karibu 110,000 bila hata sabuni moja zaidi kuuzwa, ungefurahi bure.

Sasa ule ugomvi wako wa ishirini kwa mia. Ukinunua kitu 100 ukauza 120 umeongeza ishirini juu ya bei ya kununulia, ni kweli, lakini karatasi ya hesabu haigawi kwa mia, inagawa kwa mauzo, na mauzo ni 120. Ishirini kwenye mia na ishirini ni asilimia 16.7 tu. Kwa hiyo hata kama kila kitu dukani kingeuzwa na ishirini yako bila kupungua, mauzo ya 390,000 yangekupa faida ghafi 65,000, si 78,000 kama ulivyokuwa ukipiga kichwani. Umepata 58,500. Kilichopotea kweli ni 6,500, na hiyo ndio tuitafute, si elfu kumi na tisa na kitu.

Nilipokuuliza kwa simu nyumbani mnakula nini ukaniambia bila kufikiria, maziwa pakiti moja kila asubuhi, unga, sukari, mafuta, sabuni ya kufulia, vyote watoto huja kuchukua dukani. Hukuandika hata kimoja. Tulipopiga pamoja kwa bei ya kununulia ikafika kama 4,500 kwa mwezi. Hiki ndio kile kitu mpwa wako hakukijua. Kwake yeye maziwa yale yametoka kwenye rafu na hayamo kwenye stoku ya mwisho, kwa hiyo karatasi inayahesabu kama yameuzwa, ila pesa haikuingia. Ni wewe umekula, na ni haki yako, lakini yaandikwe. Tukiyatoa kwenye gharama ya bidhaa zilizouzwa na kuyaweka kwenye vitu alivyochukua mwenye duka, faida ghafi inakuwa 63,000 na faida halisi inapanda kuwa 18,000. Duka lako ni zuri kuliko karatasi ilivyosema, na wewe unachukua zaidi kuliko ulivyodhani, yote mawili kwa pamoja.

Zinabaki 2,000. Hizo sitakusumbua nazo sana, maana unga wenyewe umeniambia bale ya pakiti kumi na mbili wanunua 1,620, yaani 135 moja, na wauza 150, hiyo si ishirini kwa mia hata kidogo, ni kumi na moja, na ukiuza zaidi ya hapo wateja wanavuka barabara. Halafu mayai. Trei ya mayai thelathini wachukua 390 wauza shilingi 15 moja, yakiuzwa yote wapata 450, faida 60. Yakivunjika matatu tu kwa tuktuk wauza ishirini na saba, wapata 405, faida imebaki 15. Mayai matatu yamekula robo tatu ya faida ya trei nzima, na hutayaona popote kwenye orodha ya matumizi, yanajificha ndani ya faida ghafi. Kwa hiyo weka daftari dogo karibu na friji, kilichovunjika, kilichochacha, kilicholiwa na panya, kiandikwe siku hiyohiyo na bei ya kununulia. Baada ya miezi miwili mitatu utajua ghafi yako ya kawaida ni asilimia ngapi, naona itacheza kwenye kumi na sita, na siku ikishuka kumi na tatu ghafla na hakuna bei iliyobadilika wala daftari la vilivyoharibika halijajaa, hapo ndio uanze kuuliza nani alikuwa kaunta.

Tuteremke chini sasa, kati ya ghafi na halisi. Matumizi yote aliyoandika ni 45,000. Kodi ya fremu 12,000, kijana wa nusu siku 9,000, stima 5,000, mlinzi na taka 1,200, makato ya tili 900, mifuko na vitu vidogo 1,200, riba ya mkopo ulionao 2,500. Kuna vitu viwili vidogo najua vilikushangaza kwa sababu hukuvilipa mwezi huo, leseni ya kaunti 500 na friji 1,000. Leseni ulilipa Januari mara moja, lakini inatumika mwaka mzima kwa hiyo kila mwezi unabeba kipande chake. Friji ulinunua 60,000, ukilihesabia miaka mitano kabla halijachoka ni 1,000 kila mwezi, na usipoiweka hiyo utakuja kuambiwa friji limekufa siku ambayo huna hata shilingi ya kununua jingine.

Jumlisha nilivyotaja utakuta 33,300. Iliyobaki, 11,700, ni kodi ya KRA ya TOT, na hapa dada yangu naomba usome polepole. TOT ni asilimia 3 tangu Julai 2023, kabla yake ilikuwa 1, na inapigwa kwenye mauzo, haiangalii faida kabisa. 390,000 mara 3 kwa mia ndio hiyo 11,700, inalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, uwe umepata faida au umepata hasara. Kwa mtu mwenye saluni ambaye kwenye kila mia anabaki na sitini, tatu si kitu. Kwako wewe kwenye kila mia unabaki na kumi na sita, tatu ni nzito, hebu tulia tupige pamoja: faida halisi kabla ya kodi ni 29,700, kodi 11,700, karibu arobaini kwa mia imeenda. Ndio matumizi makubwa kabisa baada ya fremu.

Sheria inaruhusu mtu aliye kwenye TOT amwandikie Kamishna wa KRA kwamba hataki, akahamia kodi ya mapato ya kawaida inayopigwa kwenye faida halisi. Kwa viwango vya mtu binafsi, 24,000 za kwanza za mwezi ni asilimia 10, zinazofuata 25, halafu unatolewa msamaha wa 2,400 kila mwezi. Kwenye 29,700 yako inakuja kama 1,425. Elfu moja na mia nne badala ya elfu kumi na moja na mia saba. Usikimbilie lakini, kuna sharti zito: matumizi yako mengi hayakubaliwi kutolewa kabla ya kupiga kodi kama hayana risiti ya eTIMS, ule mfumo wa risiti wa KRA, hiyo ni tangu Januari 2024, na ukinunua mayai kwa mtu wa baiskeli na ndizi Kongowea kwa mama na hakuna risiti hiyo, KRA watakuhesabia kama hukununua kitu, faida yako kwao itaonekana kubwa sana na kodi itapanda. Kwa hiyo anza mwezi huu kwa kudai risiti kwa kila holseli, kaa miezi mitatu uone sehemu gani ya mzigo wako ina risiti, halafu nenda kwa mtu wa kodi anayeaminika na hizo karatasi mkononi. Kama mzigo karibu wote una risiti, unaongea mambo ya elfu kumi kwa mwezi, hiyo ni pesa nyingi kuliko utakayoipata kwa kuongeza mzigo.

Haya, tuje kwenye lile sanduku. Mbona faida ipo na pesa hakuna? Chukua ile 13,500 ya mpwa wako kama ilivyo. Rudisha 1,500 za leseni na friji kwa sababu hizo hazikutoka sandukuni mwezi huo, inakuwa 15,000, na TOT nimechukulia ile ya mwezi wa nyuma uliyolipa ilikuwa kiasi hichohicho. Wewe unatoa 500 kila siku ya nyumbani, mara siku thelathini, 15,000. Imekwisha hapo, sifuri. Sasa mkopo wako, ile riba 2,500 imo kwenye matumizi, lakini ile 8,000 ya kupunguza deni lenyewe haimo na haitakiwi kuwemo, maana kurudisha pesa ya watu si matumizi, ila sandukuni imetoka. Halafu stoku ilikuwa 240,000 ikawa 256,500, kwa hiyo 16,500 zimegeuka mchele na sabuni ziko kwenye rafu zinakuangalia. 8,000 na 16,500 ni 24,500. Mwezi ulianza na 31,000, toa 24,500, 6,500. Ndio uliyoikuta. Mie nilipofika hapo nikaweka kalamu chini nikafurahi kweli, kwa sababu pesa ikijieleza mpaka shilingi ya mwisho hivi maana yake kijana wako hakugusa sanduku, na kama ulishaanza kumwangalia vibaya umrudishie uso wa kawaida.

Hiyo 16,500 ya rafu nimekuuliza ni nini ukasema mchele uliongeza kwa sababu holseli alitoa ofa. Sawa, mchele hauozi haraka, lakini mwezi huu usijaze tena, uza ule kwanza, pesa yako irudi.

Sasa mkopo. Shemeji anasema 58,500 kwa mwezi inaweza kubeba mkopo wowote. Lakini mkopo haulipwi na faida ghafi, ghafi imeshagawanywa kabla hujafika, mwenye fremu ana chake, stima ina chake, KRA ana chake. Mkopo unalipwa na faida halisi ikishatolewa chakula chako. Yako ya kweli ni 18,000. Unachochukua wewe ni 15,000 za pesa na 4,500 za vitu, jumla 19,500. Umeshazidisha 1,500 kabla ya kulipa ile 8,000 ya mkopo wa sasa. Yaani mkopo wa sasa hivi unalipwa na mtaji, na ile ofa ya mchele imelipwa na mtaji, huo mkopo mpya ungelipwa na nini? Ukiongeza mzigo wa 150,000 na wateja ni walewale wa mtaa uleule, ghafi haipandi kwa sababu rafu imejaa, inapanda kwa sababu vitu vimetoka.

Nikwambie duka lako linahitaji kuuza ngapi ili likubebe. Kwenye kila mia ya mauzo unabaki na kumi na sita, KRA anachukua tatu, zinabaki kumi na tatu na senti kidogo. Matumizi yasiyopanda na mauzo, yaani yote 45,000 ukitoa TOT, ni 33,300, na wewe na watoto mnahitaji 19,500, na mkopo 8,000, jumla 60,800. Gawa kwa hizo kumi na tatu kwa mia unapata kama 468,000 kwa mwezi, siku moja ni kama 15,600. Sasa hivi unauza 13,000 kwa siku. Kwa hiyo pengo ni 2,600 za mauzo kila siku, au punguza upande mwingine. Friji la pili umeniambia lina soda sita na barafu, lizime mwezi mmoja uone stima itashuka ngapi. Ile 500 ya siku ifanye 400 mpaka mkopo uishe, ni 3,000 kwa mwezi. Na hiyo TOT ikigeuka kodi ya faida, pengo lote limezibwa bila kuuza pakiti moja zaidi, ndio maana nimekuambia risiti kwanza.

Na siku ya mwisho ya mwezi ikifika funga duka saa mbili usiku uhesabu stoku na mpwa wako, mmoja anahesabu mwingine anaandika, kwa bei ya kununulia iliyo kwenye risiti ya mwisho. Mwambie kwenye karatasi ya mwezi ujao aongeze mstari mmoja chini ya faida halisi, alichochukua mama, pesa na vitu, na mwingine chini yake, kilicholipwa kwenye deni. Nitumie picha nikaitazame.